Kutafsiri Dai la Hataza: Mfano wa Mashine ya Kupukuchulia Mahindi

Hati ya hataza ina sehemu mbili ambazo msomaji mgeni huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni maelezo, na humo mvumbuzi hueleza kifaa chake kilivyo, pamoja na michoro, ili fundi mwenzake aweze kukitengeneza. Sehemu ya pili ni madai. Madai hayaelezi kifaa. Yanaweka mpaka, kama vile mawe ya mpaka wa shamba: lililo ndani ni la mwenye hataza kwa muda uliowekwa na sheria, na lililo nje ni la kila mtu. Kwa sababu hiyo mfasiri aweza kukosea katika maelezo na hasara ikawa ndogo, lakini akikosea neno moja katika dai amehamisha jiwe la mpaka.

Jambo hili linatuhusu. Katika Tanzania Bara hataza hutolewa chini ya Sheria ya Hataza ya mwaka 1987, na rejesta yake iko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Tangu mwaka 1999 hataza inayoweza kutumika nchini yaweza pia kutolewa na ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda lililo Harare, ambalo lugha yake ya kazi ni Kiingereza. Kwa upande mwingine, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, ingawa Kiingereza chaweza kutumika pale haki inapodai hivyo. Basi fundi wa Mbulu, Dongobesh au Haydom anayetaka kujua ni mashine gani aruhusiwayo kuiunda, na hakimu atakayemsikiliza iwapo kutatokea shauri, wote wawili huenda wakalisoma dai katika tafsiri.

Tuchukue kifaa kinachofahamika katika nyumba nyingi za wakulima wa Mbulu na Hanang: mashine ya mkono ya kupukuchulia mahindi. Hindi huingizwa kwa juu, diski yenye meno huzungushwa kwa mkono, na bamba lililo upande wa pili huligandamiza hindi kwenye meno hayo. Bamba hilo halikukazwa palepale. Linasukumwa na kitu chenye kurudi nyuma na mbele, kwa kuwa hindi moja huwa nene na jingine jembamba. Mashine za namna hii ni za zamani sana na kila mtu yuko huru kuziunda. Madai yafuatayo nimeyatunga kwa ajili ya somo hili tu, kwa kulifuata umbo la madai halisi ya Kiingereza.

Hii hapa tafsiri ya kwanza, ya namna ambayo mwanafunzi hodari wa Kiswahili angeiandika:

1. Mashine ya kupukuchulia mahindi iliyoundwa na fremu iliyochomelewa, diski moja yenye meno inayozunguka, bamba linalogandamiza hindi, na springi inayolisukuma kuelekea kwenye diski, na mwanya wake hubadilika kufuatana na unene wa hindi.

2. Mashine ya dai la 1, ambayo springi yake ni springi ya chuma iliyosokotwa.

3. Mashine ya dai la 1 na la 2, yenye skrubu ya kurekebishia nguvu ya springi.

4. Mashine iliyotajwa hapo juu, ambayo skrubu yake ina nati ya kuikaza.

5. Mashine yoyote iliyotajwa hapo juu, ambayo bamba lake limeshikizwa kwenye fremu kwa bawaba.

Kiswahili chake ni kizuri na chasomeka bila kukwama. Lakini ni tafsiri mbaya, na ubaya wake waweza kugunduliwa hata na mtu asiyekijua Kiingereza kabisa. Tazama dai la 2. Linasema kwamba springi ni springi. Neno jipya pekee ni kwamba ni ya chuma na imesokotwa, na springi nyingi mno tuzijuazo ni za chuma nazo zimesokotwa. Dai tegemezi huandikwa ili kupunguza upana wa dai linalolitegemea kwa kuongeza sharti moja au zaidi. Kwa lugha ya hisabati ya sekondari, mashine zote za dai la 2 ni seti ndogo ndani ya seti ya dai la 1. Tukiona dai tegemezi ambalo karibu haliongezi kitu, yatupasa kushuku kwamba dai la juu yake limekwisha kufinywa na mfasiri.

Na ndivyo ilivyo hapa. Asili ya Kiingereza katika dai la 1 haitaji springi. Inataja kitu chochote ambacho kikivutwa au kugandamizwa hurudi katika umbo lake: yaweza kuwa springi, kipande cha mpira wa gurudumu la gari, au ukanda wa chuma uliopindwa. Mwanafunzi aliutazama mchoro, akaona springi, akaandika springi. Ametafsiri mchoro badala ya dai. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi kuliko jingine lolote, na huwapata zaidi wale wanaokijua kifaa vizuri. Neno «iliyochomelewa» limeingia kwa mlango huohuo: asili inasema fremu basi, lakini katika karakana zetu fremu huchomelewa, na mkono wa mfasiri ukaandika alichozoea kukiona. Fremu ya mbao, au ya chuma iliyofungwa kwa bolti, imetupwa nje ya mpaka bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Kwamba jambo hili si la nadharia tu, linaonekana katika shauri moja maarufu la Ulaya. Kampuni iitwayo Improver ilikuwa na hataza ya kifaa cha umeme cha kung'olea nywele za miguuni, kilichouzwa kwa jina la Epilady. Dai lake lilitaja springi iliyosokotwa, iliyopindwa na kuzungushwa kwa kasi, ili nafasi zilizo kati ya mizunguko yake zifunguke upande mmoja na kufunga upande mwingine, zikinasa nywele. Kampuni ya Remington ikatoa kifaa chake ambacho badala ya springi kilikuwa na fimbo ya mpira iliyochanjwa mikato. Fimbo ile ilifanya kazi ileile kwa namna ileile. Mahakama ya Uingereza mwaka 1989 iliona kwamba fimbo ya mpira si springi iliyosokotwa, na kwamba mwenye dai alichagua maneno yake. Mahakama za Ujerumani, zikiwa na hataza hiyohiyo mbele yake, ziliamua kwamba Remington imeingilia hataza. Uchaguzi wa neno «springi» ulikuwa wa mwandishi wa dai mwenyewe, na ulimgharimu katika nchi moja. Mfasiri anayeliweka neno hilo mahali ambapo mwandishi hakuliweka humtia mwenye hataza katika hasara ambayo yeye mwenyewe aliikwepa.

Basi tuandike nini? Wengi hukimbilia «kiungo chenye kunyumbuka». Mimi siipendi sana «kiungo», maana kwa fundi ni mahali vitu viwili vinapoungana, kwa daktari ni sehemu ya mwili, na kwa mama jikoni ni bizari. «Kipande kinyumbufu» hakina utata huo. Si neno la mitaani, lakini dai si mahali pa kutafuta utamu.

Tugeukie maneno «iliyoundwa na». Katika madai ya Kiingereza kuna misemo miwili inayofanana sura lakini ambayo athari zake zimetengana kabisa. Mmoja hufungua orodha: mashine ina vitu hivi, na yaweza kuwa na vingine. Mwingine huifunga: mashine ina vitu hivi na hakuna kingine. Asili yetu ina ule wa kwanza. «Iliyoundwa na» yaweza kusomeka kama orodha iliyofungwa, na ikisomeka hivyo, jirani ataongeza kipepeo cha kupulizia makapi na kudai kwamba mashine yake si ile. Neno la umilikaji, «yenye», ni fupi na liko wazi: anayesema nyumba yenye madirisha manne hajasema kwamba haina mlango. Pale asili inapofunga, tutaandika «yenye vitu vifuatavyo tu». Sharti ni kwamba neno lililochaguliwa kwa mlango wazi lisitumike kamwe kwa mlango uliofungwa katika hati hiyohiyo.

Vivyo hivyo «diski moja». Kiingereza hakiwezi kutaja diski kwa mara ya kwanza bila kuitanguliza silabi ndogo ambayo wanafunzi wetu hufundishwa kuitafsiri «moja». Katika dai silabi hiyo haihesabu kitu, bali inatangaza kwamba kitu kinatajwa kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida mashine yenye diski mbili ina diski, kwa hiyo imo. Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo kwa kunyamaza: «diski yenye meno» yatosha. Ukiongeza «moja» umempa wakili wa upande wa pili hoja ambayo hakuwa nayo.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo Kiswahili kinalifanya kwa ustadi, tukikiruhusu. Katika dai la Kiingereza kitu kikisha kutajwa mara ya kwanza, kila kinapotajwa tena huwekewa alama kwamba ni kilekile. Sisi tuna «-o» ya urejeshi: fremu hiyo, bamba hilo, kipande hicho, mwanya huo. Kanuni ni rahisi. Mara ya kwanza jina huenda tupu. Mara ya pili na zote zinazofuata huenda na «-o» yake. Na jina halibadilishwi. Mwalimu wa insha hutuambia tusirudierudie neno lilelile, na katika insha ana haki. Katika dai, bamba likigeuka kuwa «kibao» katika dai la 5, msomaji wa sheria atatafuta kifaa cha pili.

Ngeli nazo hutusaidia, kwani «-yo» haiwezi kurejea kwenye bamba wala «-lo» kwenye diski. Lakini msaada huo una mwisho wake. Rudi kwenye tafsiri ya mwanafunzi: «springi inayolisukuma kuelekea kwenye diski». Springi inasukuma nini, bamba au hindi? Majina yote mawili yako katika ngeli moja, na «-li-» huyatumikia yote bila upendeleo. Mashine ambayo springi yake inasukuma hindi moja kwa moja ni mashine nyingine. «Mwanya wake» una ugonjwa huohuo, maana haijulikani ni wa nani. Dawa ni kurudia jina zima, ijapokuwa sikio litalalamika: «kinasukuma bamba hilo kuelekea diski hiyo».

Sasa marejeo kati ya madai. Asili ya dai la 3 inasema dai la 1 au dai la 2. Mwanafunzi ameandika «la 1 na la 2». Kosa laonekana dogo, nasi hatuna budi kulihesabu ili tuone ukubwa wake. Chora madai kama mti wa ukoo, kila dai likiwa chini ya mzazi wake, kisha fuata kila njia kutoka dai la 1. Katika asili, dai la 3 lina njia mbili: 1 hadi 3, na 1 kupitia 2 hadi 3. Dai la 4 linategemea dai la 3, nalo lina njia mbili pia. Dai la 5 linategemea lolote kati ya madai ya 1 hadi 4, hivyo huchukua njia moja ya dai la 1, moja ya dai la 2, mbili za dai la 3 na mbili za dai la 4, jumla 6. Ukiweka «na», dai la 3 lazima lipite kwenye dai la 2, lina njia moja; dai la 4 lina moja; na dai la 5 limebaki na 4. Kila njia iliyopotea ni mashine iliyoachwa nje.

Ni mashine zipi hizo? Ni zile zenye skrubu ya kurekebishia lakini zinazotumia mpira badala ya springi. Tuseme baada ya miaka michache inagunduliwa hati ya kale inayoonyesha mashine yenye diski, bamba na springi ya chuma iliyosokotwa, bila skrubu. Dai la 2 si jipya tena, limeanguka. Dai la 1 limeanguka pamoja nalo, kwa kuwa springi ni mojawapo ya vipande vinyumbufu. Tuseme pia kwamba skrubu ile yakubalika kuwa ni uvumbuzi. Dai la 3 litasimama, likibeba maneno ya dai la 1 hata ingawa dai la 1 lenyewe limekufa. Jirani sasa aunda mashine yenye mpira na skrubu. Kwa asili, amenaswa na dai la 3 kwa njia ya dai la 1. Kwa tafsiri ya mwanafunzi, yuko huru. Silabi moja imempa mtu mali ya mwingine.

«Iliyotajwa hapo juu», katika madai ya 4 na 5, ni ya kuogopwa zaidi, kwa sababu haina namba. Dai la 4 lasema juu ya skrubu, na skrubu imezaliwa katika dai la 3. Mtu akilisoma dai la 4 kana kwamba linategemea dai la 1, atakuta skrubu isiyo na mzazi. Hicho ndicho kipimo cha marejeo yote: kila «hiyo», «hilo» na «hicho» lazima ipande juu ya mti, kwa njia yoyote iliyoruhusiwa, mpaka ifike mahali jina lake lilipotajwa likiwa tupu. Isipofika, ama namba ya dai imekosewa katika tafsiri, ama imekosewa katika asili yenyewe. Na ikiwa ni asili iliyokosea, mfasiri asiisahihishe kimyakimya. Ataitafsiri pamoja na kosa lake na kumwandikia aliyempa kazi. Kadhalika, dai letu la 5 linategemea dai la 3 ambalo nalo linategemea madai mawili. Ofisi ya hataza ya Marekani haikubali mpangilio huo na ile ya Ulaya huukubali, lakini uamuzi ni wa wakala wa mwenye hataza, si wa mfasiri.

Tafsiri iliyosahihishwa yasomeka hivi:

1. Mashine ya kupukuchulia mahindi, yenye: fremu, diski yenye meno, ambayo imewekwa katika fremu hiyo kwa namna ya kuweza kuzunguka, bamba la kugandamizia, ambalo limeelekea diski hiyo na kuacha kati ya bamba hilo na diski hiyo mwanya wa kupitishia hindi, na kipande kinyumbufu, ambacho kinasukuma bamba hilo kuelekea diski hiyo, ambapo upana wa mwanya huo hubadilika kulingana na unene wa hindi linalopita.

2. Mashine kama inavyodaiwa katika dai la 1, ambapo kipande kinyumbufu hicho ni springi ya chuma iliyosokotwa.

3. Mashine kama inavyodaiwa katika dai la 1 au dai la 2, ambayo ina pia skrubu ya kurekebishia nguvu ya kipande kinyumbufu hicho.

4. Mashine kama inavyodaiwa katika dai la 3, ambapo skrubu hiyo ina nati ya kuikaza.

5. Mashine kama inavyodaiwa katika dai lolote kati ya madai ya 1 hadi 4, ambapo bamba hilo limeshikizwa kwenye fremu hiyo kwa bawaba.

Msomaji ataona kwamba nimeandika «hindi» na si «gunzi». Gunzi ni kile kinachobaki punje zikisha kutoka, na mwanya unaopimwa kwa unene wa gunzi ni mwembamba mno.

Itaulizwa: tafsiri ikipotoka, neno la mwisho ni la nani? Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970, ambao Tanzania imo, unasema katika kifungu cha 46 kwamba ikiwa kwa kosa la tafsiri hataza imekuwa pana kuliko ombi lilivyokuwa katika lugha yake ya asili, mamlaka ya nchi yaweza kuipunguza, na upunguzaji huo kuhesabiwa tangu mwanzo. Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kifungu cha 70, unaangalia upande wa pili. Nchi yaweza kuamua kwamba tafsiri iliyo finyu kuliko asili ndiyo itakayofuatwa humo. Mwenye hataza ana ruhusa ya kuleta tafsiri iliyorekebishwa, lakini nchi yaweza kumlinda aliyeanza kutengeneza kitu kwa nia njema, akiwa ameitegemea tafsiri ya kwanza, aendelee bila malipo. Tafsiri pana humtisha fundi aache kazi ambayo ni haki yake. Tafsiri finyu humnyima mvumbuzi alichostahili.

Kwa walimu wanaotaka kulitumia somo hili darasani, zoezi ni hili. Fundi ameunda mashine yenye fremu ya mbao, diski mbili zenye meno, na bamba lililoning'inizwa kwenye fremu kwa bawaba na kusukumwa na kipande cha mpira wa gurudumu. Haina skrubu. Wanafunzi wasome tafsiri zote mbili na waseme, kwa kila moja, mashine hiyo inaingia katika madai yapi. Kwa tafsiri iliyosahihishwa jibu ni dai la 1 na dai la 5, na dai la 5 ni kwa njia ya dai la 1 peke yake. Kwa tafsiri ya kwanza haingii popote, na wanafunzi waonyeshe ni maneno yapi matatu yaliyoitoa nje.